Ngao Iliyokosa Bweni

Jamhuri ya Makofi haimo kwenye ramani yoyote. Wenyewe wanasema ni kwa sababu wachora ramani hawakualikwa kwenye sherehe ya uzinduzi wa nchi, wakanuna. Ni nchi nzuri lakini. Ina milima, ina mito, ina mabwawa ambayo baadhi yake yana maji, na ina Wizara ya Fahari ya Taifa, ambayo kazi yake ni kuhakikisha wananchi wanajivunia mambo yaliyoidhinishwa.

Katika nchi hiyo, kule bondeni ambako barabara ya lami hukoma kabla haijafika, kulikuwa na shule ya bweni ya wasichana iitwayo Sekondari ya Mseto, na katika shule hiyo alikuwepo mwalimu wa malezi, Mwalimu Bertila Kisoka. Alikuwa mama wa makamo aliyeelekea kustaafu, mrefu, mwenye miguu inayomuuma wakati wa mvua. Alikuwa amefundisha muda mrefu kiasi cha kufundisha watoto wa aliowafundisha. Alichokitaka sasa duniani kilikuwa kidogo tu: amalize salama, aagwe kwa heshima, akalale.

Lakini shule haikumwachia. Mabweni yalikuwa manne, nayo yaliitwa kwa herufi, na yalikuwa yanaoza. Ndoo ikiachwa bombani ilikuwa imehama kabla mwenyewe hajamaliza kufunga khanga. Sabuni iliibwa, kandambili ziliibwa, na mara moja liliibwa hata godoro, likiwa na mtu amelala juu yake, ingawa huyo mtu alirudishwa. Walimu walichapa, wakachoka. Mkuu wa shule, Bwana Chambuso, mtu mpole aliyeogopa simu, alihutubia mstarini hadi sauti ikamkauka. Wasichana walimsikiliza kwa adabu, kisha wakaenda kuibiana.

Mwalimu Kisoka aliwatazama siku nyingi, akagundua jambo. Watoto wale hawakuwa wabaya. Ila hakuna kati yao aliyejisikia ni wa mahali popote. Mtu hawezi kuona aibu kwa niaba ya herufi. Nani atasema, tusiibe jamani, tutaliaibisha Bweni C?

Basi akaenda kwa mkuu, akamwomba ruhusa ya kuyapa mabweni majina ya tabia njema. Bwana Chambuso aliuliza kama jambo hilo litahitaji kibali kutoka juu. Mwalimu akamjibu kwamba hata tabia njema zenyewe hazikuhitaji. Mkuu akafikiri, akaona simu haijalia, akakubali.

Wengi hudhani kazi ya namna hiyo ni kuandika neno juu ya mlango kwa rangi, kisha kungoja watu wabadilike. Mwalimu Kisoka alijua kwamba jina ni kibuyu kitupu, halina maji mpaka utie. Kwanza aliwachanganya wasichana upya. Kila mmoja, kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne, alichota karatasi kofiani, ili bweni lisiwe la waliotoka wilaya moja, wala la wenye akili watupu, wala la wakubwa watupu. Hapo tu ndipo ushindani ungekuwa wa haki. Majina yakawa Uaminifu, Bidii, Subira na Ukarimu. Kila bweni likapata rangi yake, kitambaa cha kufunga mkononi. Likapata mlezi, mwalimu mmoja wa kulisimamia na kulitetea. Likachagua kapteni wake kwa kura, si kwa kuteuliwa. Na likatunga wimbo. Wimbo wa Uaminifu ulikuwa mfupi: *Ukikisahau kwetu, kesho utakikuta.* Wakauimba kwa kejeli mwanzoni, maana kila aliyeuimba alikuwa amewahi kuibiwa au kuiba.

Alama zilitolewa kwa usafi, kwa kuwahi, kwa bustani, kwa masomo ya jioni na kwa michezo, na zilisomwa kila Jumatatu mstarini, hadharani. Mwisho wa mwaka, bweni lililoongoza lilikabidhiwa ngao. Ngao yenyewe ilikuwa ya mbao ya mninga, ameichonga fundi wa viti wa jirani, imetundikwa bwaloni mahali ambapo kila mtu angeitazama akila maharage.

Mambo hayakunyooka mara moja. Bidii walilala na mgonjwa wa malaria chini ya kitanda, wamemfunika mashuka, kwa sababu waliogopa kupoteza alama za kitanda kutotandikwa. Mwalimu Kisoka alipomkuta binti yule akitetemeka, hakumpigia mtu kelele. Alikaa kitandani, akajilaumu mwenyewe. Kisha akabadili kanuni: bweni litakaloripoti mgonjwa mapema litapata alama, na litakalomficha litapoteza za wiki nzima. Subira nao walionewa kwenye foleni ya chakula. Wenzao waliwaambia, ninyi si Subira, ngojeni, wakawa wa mwisho kila siku mpaka wakaanza kulichukia jina. Mwalimu akaweka zamu ya kutangulia, na akawaeleza Subira kwamba anayesukumwa nyuma na wenzake hajasubiri, ameonewa tu. Na kila Ijumaa jioni kila bweni lilisimama na kueleza tendo moja, moja tu, lililofanywa na mtu wao linalofanana na jina lao. Ukikosa tendo, unakaa kimya mbele ya wenzako. Kimya hicho kiliuma kuliko fimbo.

Taratibu kibuyu kikaanza kujaa. Siku moja, saa ya mkononi ilisahauliwa kwenye ukuta wa bafu la Uaminifu. Ilikaa pale, watu wakaoga wakipishana nayo, na kesho yake mwenyewe aliikuta pale pale. Jioni ya Ijumaa, kapteni wao, msichana mkimya aitwaye Mwanakheri Sadala, alisimama akasimulia habari ya saa ile, na bweni zima likaimba wimbo wao. Safari hii hakuna aliyecheka. Mwalimu Kisoka alijifanya ana mafua.

Hapo ndipo bahati mbaya ilipoingia, kwa njia inayopendwa na bahati mbaya katika Jamhuri ya Makofi, yaani sifa. Mgeni mmoja alipita, akaona, akasimulia mjini. Habari ikafika Wizara ya Fahari ya Taifa kwamba kuna shule ambayo watoto wanajivunia kitu, na Wizara haina taarifa.

*

Akatumwa Bwana Leonidas Mbwambila, Katibu Mwandamizi wa Idara ya Mashujaa Hai. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye suti ya kijivu na sauti ya mtu anayesoma hata anapoongea. Alitembezwa mabwenini. Alisifu vitanda, alisifu bustani, aliionja hata mboga. Kisha akasimama chini ya neno Subira, akalitazama kwa huzuni kama mtu anayetazama kaburi lisilo na msalaba.

Aliwaeleza walimu, akiwa ofisini kwa mkuu, kwamba Wizara imefurahishwa sana na jambo hili na kwa sababu hiyo italirekebisha. Tatizo la tabia njema, alisema, ni kwamba hazina mwenyewe. Haziwezi kualikwa kukata utepe. Haziwezi kushukuru.

"Tuambizane ukweli," akasema. "Subira imetujengea daraja gani? Bidii ana picha? Tukitaka kuitundika bwaloni, tutundike nini?"

Mwalimu Kisoka alijibu kwamba watoto ndio picha yenyewe. Bwana Mbwambila alimwandikia pongezi kwa kauli hiyo nzuri, akaendelea.

Ikaamuliwa kwamba mabweni yaitwe kwa mashujaa. Mwalimu hakupinga hilo kwa nguvu, kwani mashujaa si wabaya. Mtoto akipewa jina la mtu aliyevumilia jela kwa ajili ya wengine, anapata kitu cha kushika. Akapendekeza mashujaa wa kale wa bonde lile, waliokwisha kufa na ambao maisha yao yanajulikana mwanzo na mwisho. Bwana Mbwambila alitikisa kichwa. Waliokufa, alieleza, hawawezi kuhudhuria mahafali. Tena wana kasoro ya kutobadilisha msimamo.

Basi Bidii ikawa Bweni la Mtukufu Rais. Ukarimu ikawa Bweni la Mama Mlezi wa Taifa. Subira ikawa Bweni la Jenerali Mstaafu, ambaye hakuwahi kupigana vita lakini alikuwa amejiandaa vizuri. Na Uaminifu ikawa Bweni la Mheshimiwa Dikson Sungusia, Waziri wa Mabwawa. Maneno ya zamani yalipakwa chokaa. Nyimbo zikaletwa kutoka mjini zikiwa zimekwisha kutungwa, beti kumi na moja kila mmoja, na wasichana wakaambiwa wazikariri wakijivunia.

Ijumaa ya kwanza, Mwalimu Kisoka aliwaita kama kawaida waeleze tendo linalofanana na jina lao. Bweni la Jenerali Mstaafu lilisema limejiandaa vizuri. Bweni la Mheshimiwa Sungusia lilinyamaza. Mwanakheri alisema kwa heshima kwamba wamejitahidi, lakini hawakujua waziri hufanya nini, ili na wao wafanye. Mwalimu naye hakujua. Akawaruhusu wakalale.

*

Kanuni mpya ilifuata baada ya wiki chache. Wizara ilikuwa imeona kwamba Jumatatu moja Bweni la Mtukufu Rais lilikuwa la tatu kwa usafi. Simu ililia ofisini kwa Bwana Chambuso, naye aliipokea amesimama. Ikaelekezwa kwamba ushindani uendelee kuwa huru na wa haki, na kwamba alama za Bweni la Mtukufu zitakuwa sawa na za bweni lililoongoza, ukiongeza moja.

Ungedhani wasichana wa bweni hilo wangefurahi. Wiki ya kwanza walifurahi. Wiki ya pili waliacha kufagia, kwa kuwa sakafu chafu na safi zilileta ushindi ule ule. Wiki ya tatu magugu yakaota bustanini mwao, wakatangazwa bora kwa kilimo. Wenzao hawakuwazomea. Waliacha tu kucheza nao. Netiboli ikipangwa, mabweni mengine yalisimama uwanjani yakirusha mpira kwa upole, kama unavyocheza na mgonjwa, halafu yakapeana mkono na kwenda zao. Na ngao ikahamia kwao bila hata mwaka kuisha, ikatundikwa ukutani mwao, juu ya uchafu.

Kapteni wao, Leokadia Nyoni, alikuwa msichana mwenye mabega mapana na kicheko kikubwa, mkimbiaji kuliko wote shuleni. Siku moja baada ya vipindi alimfuata Mwalimu Kisoka chumba cha walimu, akamwamkia, akasimama akichezea kitambaa cha mkononi.

"Mwalimu, naomba unihamishe bweni."

"Mmegombana?"

"Hapana. Tunashinda hata tukilala. Juzi wadogo wa kidato cha kwanza wameanza kuiba ndoo tena. Nimewasema. Wakaniuliza, dada, tukiiba tunapoteza nini?"

Mwalimu alisogeza kikombe chake cha chai pembeni. Alimwambia kuhamisha mtu kutoka Bweni la Mtukufu kungechukuliwa kama uasi. Leokadia alisema anajua, alitaka tu mtu asikie. Akaondoka. Mwalimu alibaki akitazama chai yake ikipoa, akafikiri jinsi alivyohangaika kutia maji kibuyuni, na jinsi lilivyo jambo rahisi kukitoboa. Alihesabu muda uliobaki afike kustaafu, akaona afadhali anyamaze.

*

Wakati huo huo, Mheshimiwa Sungusia alianguka. Ilikuja kujulikana kwamba bwawa kubwa alilolizindua, akapigiwa makofi, lilikuwa shamba la mihogo. Mihogo ilikuwa bado ipo. Redio ilimtaja asubuhi kama shujaa na jioni kama mtuhumiwa, sauti ya mtangazaji ikiwa ni ile ile.

Bwana Mbwambila alifika akiwa na ndoo ya chokaa ndani ya gari la serikali. Jina lilifutwa ukutani. Bweni likaelekezwa kuona aibu hadi hapo litakapopata shujaa mwingine, na kwa sasa liitwe rasmi Bweni Linalosubiri Uteuzi. Mlezi wao, mwalimu kijana wa hesabu, aliomba kujiuzulu ulezi kabla hajaambiwa, na hakuna mwalimu mwingine aliyetaka kuonekana karibu na mlango ule. Mwalimu Kisoka akalichukua mwenyewe. Hakufanya hivyo kwa ushujaa. Mtu lazima ahesabu vichwa wakati wa kulala, basi.

Na hapo aliona jambo ambalo hakulitegemea. Wale wasichana wasio na jina walianza kufagia. Walipanga viatu kwa mstari. Hakuna aliyewapa alama, kwa kuwa Wizara ilikuwa haijaamua kama bweni linalosubiri uteuzi linaweza kupata alama. Mwanakheri aliweka zamu za bustani, akamfundisha hesabu kila aliyeshindwa, na mtoto akiokota kalamu aliiweka dirishani, ikakaa. Ijumaa, ilipofika zamu yao ya kueleza tendo, Mwanakheri alimuuliza mwalimu kama wanaruhusiwa kusimulia, maana hawana jina la kulifananisha. Mwalimu akasema wasimulie tu, watu wataona linafanana na nini. Wakasimulia. Bwalo zima lilijua linafanana na nini.

*

Ikatangazwa kwamba Mheshimiwa Waziri wa Fahari ya Taifa mwenyewe atakuja kushuhudia siku ya michezo. Mti uliokuwa umekauka langoni ulipakwa rangi ya kijani. Mashindano yalipangwa yaishe kwa mbio za kupokezana vijiti, wakimbiaji wanne kila bweni, kisha mgeni rasmi aikabidhi ngao kwa Bweni la Mtukufu, ambalo tayari lilikuwa nayo; kwa hiyo iliteremshwa ukutani mapema na kupelekwa jukwaani ili ikatolewe tena.

Siku mbili kabla, Leokadia alivuka uwanja akaenda hadi mlangoni pa bweni lisilo na jina. Mwalimu Kisoka alikuwa ndani akikagua vyandarua, akasikia.

"Mwanakheri, mtakimbia kweli?"

"Tumeambiwa tusiwapite."

"Hata sisi tumeambiwa hivyo. Ndiyo maana nimekuja. Wenzangu wameamka alfajiri siku zote hizi wanafanya mazoezi. Wenyewe, hakuna aliyewatuma. Mkituachia, sitawasamehe."

Mwanakheri alisema, basi tutakimbia. Wakapeana mkono pale mlangoni. Mwalimu aliendelea kukagua chandarua kile kile, ambacho hakikuwa na tundu.

Siku ikafika. Waziri alikaa chini ya turubai, mtu mnene, mchangamfu, mwenye usingizi. Bwana Mbwambila alisoma hotuba inayoeleza kwamba fahari ni mali ya umma na hivyo haipaswi kutumiwa ovyo na mtu mmoja mmoja. Mwalimu Kisoka aliwekwa penye mstari wa kumalizia, kuamua, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mwamuzi miaka yote.

Mbio zilipoanza, watu walidhani wataona yale waliyozoea, wasichana wakikimbia kama wanaosindikiza jeneza. Lakini hawa walikimbia. Vumbi lilitimka. Kijiti kilipita mkono hadi mkono bila kuanguka, Bweni la Mtukufu mbele, kisha wasio na jina mbele, kisha sawa. Mwishoni alikuwa Leokadia na Mwanakheri. Leokadia alikuwa na mbio zaidi, lakini Mwanakheri alikuwa amepokea kijiti mapema kwa sababu wenzake walijizoeza kukabidhiana wakiwa wanakimbia bado, bila kusimama. Walikaribia mwisho bega kwa bega, na kifua cha Mwanakheri kikaukata utepe kwa tofauti ya hatua moja. Wakaanguka wote wawili majanini, wakacheka kama vichaa, wakakumbatiana.

Hakuna uwanjani aliyejua kama inaruhusiwa kupiga makofi. Waziri aliamka, akauliza kwa upole nani ameshinda, na hakuna aliyemjibu.

*

Mgeni alipelekwa kula. Ofisini kwa mkuu iliketi kamati: Bwana Mbwambila, Bwana Chambuso, na afisa mmoja kimya ambaye hakutambulishwa. Mwanakheri aliitwa, jasho halijakauka. Bwana Mbwambila alimweleza kwa sauti ya baba kwamba hakuna mtu anayemlaumu. Anachotakiwa ni kukiri tu kwamba bweni lake lilikabidhiana kijiti nje ya eneo lililoruhusiwa. Akikiri, mambo yameisha, atarudi darasani. Asipokiri, itabidi aende nyumbani, na mtihani wa taifa ni mwezi ujao.

"Hatukukabidhiana nje," Mwanakheri akasema.

"Binti, fikiri vizuri. Bweni lenu hata jina halina. Unalitetea lipi?"

Msichana alitazama sakafu. Mwalimu Kisoka, aliyeitwa kama shahidi, alikuwa ameketi kando yake.

"Lina jina," Mwanakheri akasema. "Mlilipaka chokaa tu. Nikisema tumeiba mbio, wadogo kule bwenini nitawaambia nini wasiibe?"

Bwana Mbwambila alipumua, akamgeukia mwalimu. Alimkumbusha kwamba ametumikia taifa muda mrefu, na kwamba Wizara ilikuwa imepanga kumuaga kwa sherehe inayomstahili. Macho ya mtu wa umri wake, alisema, huchoka. Jua lilikuwa kali. Hakuna atakayemshangaa akisema hakuona vizuri.

Mwalimu Kisoka alikaa akiitazama mikono yake. Ukweli ni kwamba alikuwa amechoka. Alichoka miguu, alichoka moyo, alichoka kusimama mstarini kusoma alama za uongo kwa sauti ya kweli. Sentensi waliyoitaka ilikuwa fupi, na nusu yake ilikuwa sahihi. Angeweza kuisema, binti angerudi darasani, na yeye angekwenda kulala. Kilichomzuia hakikuwa ujasiri. Ni kwamba binti alikuwa akimtazama, si kwa kumwomba, bali kwa kumhurumia, kama mtu anayeona mwenzake amebeba mzigo mzito.

"Macho yangu yamechoka kweli," akasema. "Lakini niliona. Kijiti kilipokelewa ndani ya mstari mara zote. Kama kuna kosa, andikeni mwamuzi amekosa. Huyu mtoto mwacheni."

Kamati iliandika kwamba mwalimu ameunga mkono maamuzi ya kamati kwa hisia. Kisha ikaamua kwamba Bweni la Mtukufu limeshinda kwa hatua moja, kwa kuwa hatua ya Mtukufu ni ndefu kiroho. Suala la Mwanakheri lingeamuliwa baada ya sherehe.

Wakarudi uwanjani. Waziri, ameshiba, alishuka jukwaani na ngao mikononi, akaita Bweni la Mtukufu. Leokadia alitoka mstarini na wenzake watatu. Waliipokea wakiwa wamepiga magoti, kama walivyofundishwa. Waziri alitabasamu, kamera ikapiga picha. Halafu Leokadia aligeuka, akavuka uwanja mbele ya watu wote, akamwekea Mwanakheri ngao miguuni. Akarudi mstarini.

Mwanakheri aliitazama ngao. Aliinama akaiokota, akaifuta vumbi kwa mkono wa shati, akaibeba hadi kwa Bweni la Jenerali Mstaafu na Bweni la Mama Mlezi, akapita mbele yao polepole ili waione, kisha akaiweka chini katikati ya uwanja. Akaeleza, kwa sauti iliyofika hadi turubai, kwamba wao walishinda mbio, ila si za mwaka mzima, kwa sababu mwaka mzima hakuna aliyehesabu kweli. Hawawezi kuchukua kisicho chao. Akarudi mstarini naye.

Ngao ikabaki nyasini. Bwana Mbwambila aliliamuru Bweni la Mtukufu liichukue. Wasichana walisema kwa heshima kwamba wamekwisha kuipokea, na picha imepigwa. Akaliamuru Bweni la Jenerali. Likasema bado linajiandaa. Akaligeukia la Mama Mlezi, nalo likasema wao walikuwa Ukarimu, wasingependa kumnyima mwingine. Kicheko kilianza mahali fulani katika safu za kidato cha kwanza, kikasambaa, kikafika hadi kwa walimu. Bwana Chambuso alicheka akiwa ameziba mdomo kwa leso. Waziri naye alicheka, kwa kudhani ni sehemu ya ratiba, akapiga makofi, na alipopiga makofi kila mtu akaruhusiwa.

Msafara ulipokuwa unaondoka, ngao ilikuwa bado iko pale katikati ya uwanja, ambako magari yalipaswa kupita. Dereva wa Waziri hakuthubutu kuikanyaga. Ikabidi Bwana Mbwambila ateremke kwenye gari na suti yake ya kijivu, ainame, aiokote yeye mwenyewe, aipakate.

Mwalimu Kisoka alingoja adhabu wiki nzima, ameshafunga sanduku. Haikuja. Ili wamfukuze Mwanakheri au wamhamishe yeye, ingebidi mtu aandike ni nini kilichotokea, na katika Jamhuri ya Makofi hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukiandika. Jambo ambalo halikuandikwa halikutokea, na jambo ambalo halikutokea halina mkosaji. Mwanakheri akafanya mtihani. Jumatatu mstarini, Mwalimu Kisoka alisoma alama kama zilivyokuwa, bila kuongeza moja. Bweni la Leokadia lilikuwa la mwisho kwa usafi, na wasichana wake walipiga kelele za furaha kana kwamba wamepewa likizo, kisha wakakimbilia mifagio.

Ngao iko mjini, imetundikwa kwenye korido ya Wizara ya Fahari ya Taifa, ghorofa ya tatu. Kwa kuwa kila kilichopo ukutani pale lazima kiwe na maelezo, chini yake pameandikwa kwamba mshindi wa mwaka ule ni Wizara yenyewe. Wageni huisoma na kupongeza, na mpaka sasa hakuna aliyeuliza ilishindana na nani.